Kuandika uhariri wa karatasi: namna ya kuchagua kauli za mahojiano kabla ya kugusa taimlaini

Uhariri wa karatasi ni hati inayoonyesha kwa mpangilio kauli za waliohojiwa zitakazoingia katika filamu, kila moja ikiwa na jina la faili lake, saa ya kuanzia, saa ya kuishia na maneno yake kamili. Hati hiyo hutokana na unukuzi, yaani mahojiano yaliyoandikwa neno kwa neno, na hukamilika kabla mhariri hajaburuta klipu hata moja kwenye taimlaini, ule ukanda wa programu ya kuhariria ambao klipu hupangwa juu yake. Faida yake kubwa ni ya muda: mahojiano ya saa moja hujaza kurasa kumi na tano hivi, ambazo mtu huzisoma kwa muda mfupi zaidi, tena anaweza kuzirudia kabla mwenzake hajamaliza kuyatazama mara moja. Hasara yake ni kwamba karatasi haina sauti. Kauli inayosomeka vizuri huenda ilitamkwa kwa uchovu, na maneno mawili ambayo jicho huyapita bila kusita huenda ndiyo yaliyomnyamazisha kila aliyekuwa nyuma ya kamera. Kwa sababu hiyo, hatua zinazofuata zinazungumzia uchaguzi na mpangilio, lakini zinakaa zaidi kwenye namna ya kuiandika sauti ndani ya karatasi, maana hapo ndipo hati nyingi za aina hii huharibika.

Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia mfano niliouunda kwa ajili ya mwongozo huu. Tuseme tunatengeneza filamu ya dakika 8 kuhusu wakulima wa mwani wa Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, ambako kilimo hiki cha biashara kilianza mwaka 1989 na ambako wakulima wengi ni wanawake. Kuna aina mbili za mwani zinazohusika: kotoni, yenye bei nzuri lakini isiyovumilia maji yenye joto ya karibu na ufuo, na spinosamu, inayostahimili zaidi lakini yenye bei ndogo. Tumewahoji watu watatu kwa jumla ya dakika 131. Mkulima mkongwe tutamwita MK, binti anayelima kwenye maji ya kina tutamwita BN, na mnunuzi tutamwita MN.

Hatua ya kwanza: unukuzi unaoweza kuaminiwa

Unukuzi wa kazi hii si sawa na ule wa gazeti. Mwandishi wa gazeti husafisha maneno ya msemaji ili yasomeke. Mhariri wa filamu anahitaji kuona kila kigugumizi, kila neno lililorudiwa na kila sentensi iliyoachwa katikati, kwa kuwa hizo ndizo sehemu zitakazompa nafasi ya kukata au kumnyima. Akisafishiwa maandishi, atapanga sentensi nzuri ambayo haimo kwenye faili lolote. Maswali nayo yaandikwe kamili, hata kama sauti ya mwulizaji haitasikika kwenye filamu, na mahali ambapo mwulizaji alimkatiza msemaji au sauti zao zilipandana pawekewe alama, kwani kauli iliyopandwa na sauti nyingine mara nyingi haitumiki, hata iwe nzuri kiasi gani.

Kila jibu lianze na jina la faili na saa. Hapa pana mtego wa kawaida. Kamera huandika msimbo wake wa muda, wenye saa, dakika, sekunde na fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, na msimbo huo huenda ukaanza kwenye 01:00:00:00 au kufuata saa ya siku, ilhali programu ya kuchezea video huanza kuhesabu kutoka sifuri kila faili linapofunguliwa. Aidha, kadi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haiwezi kubeba faili linalofikia gigabaiti 4, na hivyo kamera huyagawa mahojiano marefu kuwa mafaili kadhaa bila kumwuliza mtu. Mnukuzi anayeandika dakika ya 7 pasipo kutaja kuwa ni dakika ya 7 ya faili la pili humpa mhariri namba isiyo na maana.

Njia ya kujihakikishia ni rahisi. Chukua kauli moja ya mwanzoni, moja ya katikati na moja ya mwishoni mwa mahojiano, kisha linganisha saa iliyoandikwa na saa inayoonekana ndani ya programu ya kuhariria. Tofauti ikiwa sawa katika zote tatu, unaongeza au kupunguza kiasi hicho kila mahali na kazi inaendelea. Tofauti ikiwa inakua kadiri unavyosonga mbele, tatizo ni hesabu ya fremu. Kwa mfano, picha zilizorekodiwa kwa fremu 29.97 kwa sekunde, kwa msimbo usioruka namba, huifanya saa ya kamera ibaki nyuma ya saa ya ukutani kwa sekunde 3.6 kila saa moja. Wanaorekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, kiwango kilichozoeleka katika televisheni za Afrika Mashariki, hawasumbuliwi na jambo hili.

Hatua ya pili: kusoma ukiwa unasikiliza, mara moja tu

Wengi huiruka hatua hii wakidhani kwamba lengo la karatasi ni kuepuka kusikiliza. Lengo ni kuepuka kusikiliza mara kumi. Mara moja ni lazima, nakala iliyochapishwa ikiwa mezani na kalamu mkononi, na ni afadhali usikilizaji huo ufanyike bila kutazama picha, kwa sababu uso wa msemaji na mandhari ya nyuma yake hulipumbaza sikio.

Unachoandika pembeni ni yale ambayo maandishi hayawezi kuyabeba. Muda wa ukimya uandikwe kwa sekunde, si kwa nukta tatu. Kicheko kiandikwe, na ielezwe kama ni cha furaha au ni kile cha kuficha jambo. Pawekwe alama mahali pikipiki ilipopita, jogoo alipowika au upepo ulipoivamia maikrofoni. Lililo muhimu kuliko yote ni mwelekeo wa sauti mwishoni mwa kila sentensi, unaoweza kuonyeshwa kwa mshale mdogo: unaoshuka ikiwa msemaji amefunga wazo, ulio sawa au unaopanda ikiwa alikuwa bado anaendelea. Karatasi huweka nukta mahali ambapo mnukuzi ameona maana imekamilika, lakini sauti ya msemaji haikuiona nukta hiyo. Ukikata hapo, mtazamaji atahisi kuwa mtu amefungwa mdomo, na hakuna ufundi wa taimlaini utakaolishusha neno lililotamkwa kwa kupanda.

Hivi ndivyo sehemu moja ya mahojiano ya MK ingeonekana baada ya kusikilizwa, mshale unaoshuka ukiandikwa "chini" na unaopanda "juu":

```
MK_02  00:07:12
SWALI: Kotoni ilikushinda vipi?
MK: [00:07:14] Ilianza... [00:07:17] ilianza kuoza yenyewe (chini).
    Tunaifunga leo, bamvua likirudi, hamna kitu (chini).
    (kimya, sek. 4)
    Kamba tupu (chini, sauti ndogo).
    Kama zilivyokuwa siku tulipozifunga mara ya kwanza (chini).
    [00:07:36] Nikasema basi, niendelee na spinosamu, japo
    bei yake (juu; anacheka, si furaha) bei yake hata
    sabuni hainunui (chini).
```

Anayeisoma sehemu hii bila alama atavutwa na sabuni, kwa kuwa ina utani na picha. Aliyesikiliza atajua kwamba uzito uko kwenye maneno mawili, "kamba tupu", na kwamba uzito huo umebebwa na sekunde nne za ukimya zinazoyatangulia. Ukimya huo ni sehemu ya kauli. Usipoandikwa kwenye karatasi, mhariri atauona kwenye taimlaini kama pengo na kuuziba.

Hatua ya tatu: swali la filamu, kisha madaraja

Kabla ya kuanza kuchagua, andika juu ya ukurasa wa kwanza sentensi moja inayosema filamu inauliza nini. Katika mfano wetu ingekuwa hivi: wakulima waliojengewa maisha na kotoni wamefanya nini baada ya kotoni kushindwa kumea karibu na ufuo? Sentensi ya namna hii inauma, kwa kuwa inazitoa nje kauli nzuri. MK anaweza kuwa alisimulia kwa ufasaha mkubwa namna alivyoolewa akiwa na umri mdogo, na simulizi hilo likawa bora kuliko mengine yote kwa utamu. Lakini kama halijibu swali, mahali pake ni filamu nyingine.

Kila kauli inayohusika hupewa daraja. Daraja A ni kauli ambayo bila hiyo filamu haieleweki au haigusi. Daraja B ni kauli inayosema jambo linalohitajika, ambalo hata mwingine anaweza kuwa amelisema. Daraja C ni akiba. Karibu na kila A andika kwa maneno machache sababu ya kuichagua, kwa mfano "kuoza kwa kotoni, ameliona mwenyewe". Baada ya siku tatu hutakumbuka kwa nini ulipigia mstari, na sababu iliyoandikwa itakuonyesha pia kuwa A zako saba zinasema jambo lilelile.

Watu wawili wanaposema jambo moja, kigezo changu ni kimoja: nachagua anayesema aliyoyaona kuliko anayesema anayoyajua. MN anaweza kueleza kwa usahihi kwamba joto la maji huidhoofisha kotoni hadi matawi yake yanageuka meupe na kukatika. Maelezo hayo ni mazuri, lakini msimulizi au maandishi ya sekunde tano kwenye kioo yanaweza kuyatoa. Hakuna maandishi yanayoweza kusema "kamba tupu" kwa niaba ya MK.

Hatua ya nne: je, kauli inasimama yenyewe?

Hapa ndipo lugha yetu inapodai uangalifu ambao miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine huenda isiutaje. Sentensi ya Kiswahili inaweza kukamilika bila kumtaja mtenda wala mtendwa, kwa sababu kiambishi cha kitenzi kinatosha. MK aliposema "ilianza kuoza yenyewe", alikuwa anajibu swali lililotaja kotoni. Swali hilo halitasikika katika filamu, na mtazamaji atabaki na kiambishi i- kisicho na mwenyewe: ni kotoni, ni kamba, ni nyumba? Kwenye karatasi humwoni mtazamaji akipotea, kwa kuwa swali liko pale pale juu ya jibu na jicho lako limeshalisoma. Kwa hiyo, funika swali kwa mkono au kwa kipande cha karatasi, kisha soma jibu upya. Kila kiambishi kisicho na nomino yake kipigie duara.

Duara hutibiwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kurudi kwenye unukuzi na kutafuta mahali pengine ambapo msemaji huyo huyo alilitaja jambo lile kwa jina, kisha kukiweka kipande hicho mbele. Ya pili ni kumpa msemaji mwingine kazi ya kulitaja. MN, katika dakika ya 21 ya faili lake la kwanza, anasema: "Kotoni ndiyo iliyokuwa na bei. Ukiwa nayo, mnunuzi anakufuata wewe, humfuati." Kauli hiyo ikitangulia, "ilianza kuoza yenyewe" ya MK inaipokea bila mshono, tena kwa nguvu zaidi kuliko ingekuwa ametaja jina, kwa sababu mmoja anasifu bei na mwenzake anajibu kwa kuoza. Sharti ni kwamba viambishi vikubaliane. Kama MN angesema "mwani ulikuwa na bei", kiambishi chake kingekuwa u-, na MK akiingia na "ilianza" mtazamaji angejikwaa pasipo kujua amejikwaa wapi. Soma kila kiungo kwa kuangalia upatanisho huu, maana ndio unaokuambia ni kauli zipi zinaweza kushikana mikono.

Njia ya tatu ni kulikata neno "kotoni" kutoka sentensi nyingine na kulipachika mbele ya "ilianza". Karatasi inaruhusu jambo hilo kwa urahisi wa ajabu, lakini sikio linalikataa mara nyingi, kwa kuwa neno lililotamkwa katikati ya sentensi halina mwinuko wa neno la mwanzo, na pumzi za msemaji haziendani. Ninaiacha iwe ya mwisho, na hata hapo kwa neno moja la jina tu.

Hatua ya tano: kukata ndani ya kauli bila kupotosha

Kufupisha ni halali. MK alianza "Ilianza…" akasita, kisha akaanza upya. Tunaingia kwenye 00:07:17, mahali alipoanza mara ya pili, na hakuna kilichopotea. Kauli yake ya sabuni nayo ina "bei yake" mara mbili, ya kwanza ikiishia kwa kicheko. Hapo nisingekata, kwa sababu kicheko kile ndicho kinachoonyesha kwamba utani wa sabuni si utani.

Hatari iko kwenye maneno madogo. Tuseme MN alisema: "Bei ya spinosamu siyo mbaya ukilinganisha na gharama ya kuisafirisha, lakini kwa mkulima, sikatai, ni ndogo." Kauli hii ikiishia kabla ya "lakini", mnunuzi anakuwa mtetezi wa bei ndogo, ikianzia baada ya "lakini", anakuwa mtu anayejilaumu. Alichosema ni vyote viwili. Kwa hiyo, kila mkato unaopita karibu na "lakini", "ila", "japo", "labda", "kama" au kitenzi chenye -ki- ya masharti kama "ukilinganisha" unapaswa kusomwa pamoja na sentensi iliyotangulia na iliyofuata, kisha ujiulize iwapo msemaji, akiketi mbele ya kioo pamoja na majirani zake, angesema "ndivyo nilivyosema". Kwenye karatasi, sehemu iliyoondolewa isifutwe, bali ipigiwe mstari katikati ili ibaki inasomeka. Msimamizi wa kipindi au mhariri mwingine aweze kuona ulichokitoa, si ulichokibakiza tu.

Kuna kizuizi kingine cha kazi kinachosahaulika hadi siku ya mwisho. Kila mkato ndani ya kauli utaruka kwenye picha, kwa hiyo unahitaji kufunikwa na picha nyingine: mikono inayofunga mwani, vigingi majini, chombo kinachoondoka. Kando ya kila mkato andika picha utakayoifunika nayo, na uhakikishe kuwa ilipigwa. Kauli yenye mikato minne na picha moja ya kufunikia bado haijahaririwa, na ni bora kuijua hali hiyo ukiwa bado na kalamu.

Mahojiano yakiwa kwa lugha ambayo mhariri haisikii, unukuzi uwe na safu mbili, maneno ya asili na tafsiri, na alama za kuingilia na kutokea ziwekwe kwenye safu ya asili na mtu anayeijua lugha hiyo. Mpangilio wa maneno hutofautiana, na mwisho wa sentensi katika tafsiri huenda ukaangukia katikati ya neno la msemaji.

Hatua ya sita: kupima muda

Watu hawasemi kwa kasi moja, kwa hiyo hakuna kiwango cha jumla kinachofaa. Chukua dakika mbili za mazungumzo ya kila msemaji, hesabu maneno, kisha gawa kwa mbili. Tuseme MK anasema maneno 95 kwa dakika na MN maneno 130. Hesabu hii inakusaidia kukadiria ukurasa mzima kwa haraka, ila isitumike kwa kauli za daraja A. Kauli ya MK kutoka "ilianza kuoza" hadi "mara ya kwanza" ina maneno 18. Kwa kasi yake hiyo ingechukua sekunde 11 hivi, lakini saa inaonyesha imeanza 00:07:17 na kuisha 00:07:34, yaani sekunde 17, kwa kuwa ukimya na pumzi havina maneno. Msemaji mwenye vituo vingi hukudanganya kwa theluthi nzima.

Filamu ya dakika 8 haibebi dakika 8 za maneno. Kwa kilimo cha mwani, ambacho bahari, kamba na mwendo wa maji vinajieleza vyenyewe, ningeweka dakika 5 za kauli na kuziacha dakika 3 zilizobaki kwa picha na sauti za mahali. Kutoka dakika 131, mchujo wa kwanza unaweza kukuachia dakika 25 hivi, wa pili 12, na wa tatu 6. Ile dakika moja ya ziada iache iende nayo kwenye taimlaini, kwa sababu baadhi ya kauli zitakufa zikisikika kando ya nyingine.

Hatua ya saba: kupanga

Kila kauli iliyobaki iwe kwenye kipande chake, iwe ni karatasi iliyokatwa kwa mkasi au safu moja ya jedwali la kompyuta. Jedwali ni rahisi kutafuta na kuhesabu. Vipande vya karatasi vilivyotandazwa mkekani vinaonyesha jambo ambalo jedwali hulificha, yaani umbo la filamu nzima kwa mtazamo mmoja. Ukimpa kila msemaji karatasi ya rangi yake, utaona mara moja kwamba MN ameshika dakika mbili mfululizo au kwamba BN haonekani hadi nusu ya filamu.

Panga kwa kuuliza kila kauli inaacha swali gani, kisha weka chini yake kauli inayolijibu au inayolipinga. MN anasema kotoni ilikuwa na bei. Mtazamaji anauliza, sasa je? MK anajibu kwa kamba tupu. Anauliza, mkafanya nini? MK anaendelea na spinosamu yenye bei isiyonunua sabuni. Anauliza, na vijana? Hapo BN anaingia: "Sisi tukasema tuifuate kotoni kwenye maji ya kina, kwa sababu kule maji hayachemki. Lakini kule huendi kwa miguu. Lazima upande chombo, na lazima ujue kuogelea, na mama zetu hawakufundishwa kuogelea." Sehemu hii kwenye hati ingekuwa hivi:

```
Na  Faili   Kuingia   Kutoka    Sek  Mwisho
1   MN_01   00:21:05  00:21:11   6   chini
    Kotoni ndiyo ... humfuati.
2   MK_02   00:07:17  00:07:34  17   chini
    Ilianza kuoza ... mara ya kwanza.  KIMYA SEK 4 KIBAKI
3   MK_02   00:07:36  00:07:47  11   chini
    Nikasema basi ... hainunui.  KICHEKO KIBAKI
4   BN_01   00:12:50  00:13:08  18   chini
    Sisi tukasema ... kuogelea.
```

Jumla ni sekunde 52. Nimefupisha maneno hapa ili yaenee kwenye kioo. Katika hati yenyewe yaandikwe yote. Kati ya kauli ya pili na ya tatu ningeandika "picha, sek. 8, kamba kwenye maji kupwa, bila maneno", kwa kuwa baada ya kamba tupu mtazamaji anahitaji muda kabla hajaletewa sabuni, na muda huo usipoandikwa hautapatikana.

Baada ya kupanga, mpe mwenzako ambaye hakuwapo wakati wa kurekodi aisome hati kimya na akuambie mahali alipopotea. Usimsomee wewe. Mwandishi anayesoma kwa sauti huongeza mkazo na huzuni ambavyo msemaji hakuvitia, na msikilizaji husifu filamu ambayo haipo. Kisha fungua kila kauli kwenye programu ya kuchezea video kwa mpangilio wa hati, sekunde tano za mwisho za moja na sekunde tano za mwanzo za inayofuata, ili usikie namna sauti zinavyopokezana. MN akiwa amehojiwa ndani ya ghala lenye mwangwi na MK ufukweni penye upepo, ruko la sauti litasikika hapo, na utajua mapema kwamba pale pa kuungana panahitaji picha yenye sauti ya mahali.

Hatua ya nane: kuikabidhi hati kwa taimlaini

Mhariri hujenga mfululizo wa kwanza kwa kufuata hati bila kubadilisha mpangilio wala kukaza mikato, akiacha sekunde moja au mbili za ziada mwanzoni na mwishoni mwa kila kauli, kisha wote huutazama kwa pamoja hadi mwisho bila kusimamisha. Kauli iliyokuwa A kwenye karatasi na ikapwaya kwenye kioo itolewe pasipo kubishaniwa, kwa maana kioo ndicho atakachokiona mtazamaji. Kila mabadiliko yarudishwe kwenye hati, nayo ipewe namba mpya ya toleo na tarehe, ili anayetayarisha tafsiri ya chini ya picha na anayehakiki ukweli wa kauli wafanye kazi juu ya maneno yaliyomo, si yaliyokuwamo. Kauli za daraja B na C zibaki mwishoni mwa hati zikiwa na saa zake kamili, zimepangwa kwa mada na si kwa msemaji, kwa sababu pengo litakapojitokeza mhariri atakuwa anatafuta mtu wa kueleza juu ya maji ya kina, yeyote awaye.